Kona ya foto imejazwa lakini bado inaonekana: tafuta shida iko fasi gani

Foto ya zamani ya studio, kona moja imechanika, unaiskana, unachukua klone, ile chombo ya kunakili fasi moja ya picha juu ya ingine, unajaza, kwenye ekra unaona iko sawa kabisa. Halafu inatoka labo kwenye karatasi na mtu wa kwanza kuishika anaonyesha kidole palepale: hapa mliweka kitu. Sasa watu wengi wakiona hivyo wanarudi kupaka tena juu ya ile ya kwanza, wanapaka na tena, mpaka kona yote inakuwa uji. Mimi nasema acha kwanza kupaka, uliza kona inakosea nini. Karibu kila mara ni moja ya vitu vitatu: mwanga haulingani, mstari umekatika, ama chembe za foto zimepotea. Kila moja iko na dalili yake na dawa yake, na dawa ya moja haiponyeshi ingine.

Nitaeleza na GIMP, programu ya kutengeneza picha, juu ni ya bure na inatembea hata kwenye ordi za zamani zenye tuko nazo hapa Bukavu. Ya wengine iko kwa Kifaransa, ya wengine kwa Kiingereza, kwa hiyo herufi za klavie njo nitatumia sana, zenyewe hazibadiliki: C ni klone, H ni ile ya kuponyesha, G ni gradienti, O ni pipeti ya kupima rangi. Menyu nitaziandika kwa Kiingereza vile zinaonekana.

Foto tunayofanyia kazi ni hii: sentimita 9 kwa 13, nyeusi na nyeupe, mama ameketi, watoto wawili wamesimama pembeni, nyuma yao pazia ya studio ya kuchorwa, mawingu na nguzo moja upande wa kuume. Ilikaa kwenye kadre yenye kioo, na huku kwetu karibu na ziwa, mvua karibu miezi tisa ya mwaka, unyevu ukaingia. Ile ngozi ya gelatini ya juu ya foto ikilowa inavimba, ikikauka inashika kioo sawa vile gundi. Mtu akavuta. Kona ya juu kuume ikabaki kwenye kioo, na kona ya chini kushoto ikakatika kabisa, pale sakafu inakutana na pazia.

Kabla ya klone yoyote, uliza kama kioo chenyewe bado kiko. Mara nyingi kiko, kimetupwa nyuma ya kabati, na kona yako iko juu yake. Kipanguse upande wa nje, kilaze kwenye skana upande huo ukiangalia chini, weka karatasi nyeupe juu yake, uskane, utapata sehemu ya mawingu ya kweli na haitakuwa imegeuka, juu unaitazama kupitia kioo vile watu walikuwa wanaitazama ukutani. Itatoka na ukungu kidogo kama skana yako ni ile nyembamba ya bei rahisi, hizo haziwezi kuona vizuri kitu kisichogusa glasi yake, lakini hata ikiwa na ukungu inakuonyesha pazia ilikuwa inaendelea namna gani. Na kama foto bado imeshika kioo, usivute, skana vyote viwili pamoja.

Skana kwa 600 dpi, hapo 9 kwa 13 inakupa karibu pikseli 2125 kwa 3070, inatosha. Weka TIFF, usiweke JPEG, juu JPEG inakata picha kwa vibox vya pikseli 8 kwa 8 na ukiklona unavibeba navyo. Zima kila kitu chenye skana inataka kufanya yenyewe, kunoa, kutoa vumbi, kurekebisha mwanga. Nyuma ya foto weka karatasi nyeusi, si nyeupe, kwa sababu kifuniko cha skana ni cheupe na karatasi iliyochanika ni nyeupe pia, utashindwa kujua foto inaisha wapi. Ukimaliza ifanye Image > Mode > Grayscale, isipokuwa mwenyewe anataka ile rangi ya njano ya zamani ibaki. Tufanye kazi sasa.

Klone haifanyi kitu, ama inatia kitu ambacho haukuchagua

Hii ni ya haraka. Haujachagua chanzo: shika Ctrl uklike fasi ya kuchukua. Ama kuna selection ndogo imebaki fasi haionekani, piga Shift+Ctrl+A iondoke. Ama unapaka kwenye kalke mpya tupu, yaani tabaka la juu ya picha, na haujatia alama kwenye Sample merged, kwa hiyo inachukua kutoka kwenye utupu na kuweka utupu. Pale Alignment weka Aligned, na hii ya mwisho iko na maana kuliko watu wanavyofikiri, tutaona kwenye mistari.

Kuna uzi mweupe unafuata pale foto ilichanika

Umejaza kona vizuri lakini mpaka wa zamani bado unaonekana, kama kovu. Chanzo ni kwamba foto haichaniki kwa wima, inachanika kwa mshazari, ngozi ya juu inaisha hapa na karatasi ya ndani inaendelea kidogo, nyeupe, na mdomo wa gelatini umeinuka unatupa kivuli chembamba. Hivyo vyote viwili viko ndani ya skani yako, ni sehemu ya picha sasa.

Hapa njo watu wanakimbilia H, ile ya kuponyesha, na hapa njo inawaharibia. Hiyo chombo haichukui rangi ya chanzo, inachukua chembe zake tu, halafu mwanga inauomba kwa kile kilicho chini ya burashi na pembeni yake. Kama chini kuna karatasi nyeupe, ama nyeusi uliyoweka nyuma, itakuletea moshi mweupe au mweusi. Ukiona moshi namna hiyo kandokando ya kona, usitafute zaidi, ni H iliyotumika mapema.

Dawa ni kukata zaidi. Chukua F, ile ya kuchagua fasi kwa kuizungusha na mkono, zungusha fasi iliyopotea pamoja na mdomo wake, ingia ndani ya foto nzima kama pikseli 15, kwa 600 dpi hiyo ni zaidi kidogo ya nusu milimita, hakuna mtu atalilia. Mpaka wako usiwe wa kunyooka, ufanye wa kuyumbayumba, juu jicho linakamata mstari wa kunyooka haraka sana. Layer > Transparency > Add Alpha Channel, halafu Delete. Sasa uko na shimo safi na pembeni yake kila pikseli ni ya foto ya kweli. Ujazo wote uende kwenye kalke mpya, usiguse ile ya skani.

Kiraka kinaonekana chepesi au kizito kuliko jirani yake

Hii njo mama wa shida zote za kona, na inatokea hasa kwa kona juu ya namna studio zilikuwa zinapiga. Taa zilikuwa zinaelekea watu, kwa hiyo pazia inang'aa nyuma ya vichwa na inazimika ukienda pembeni, na lensi nayo inapunguza mwanga kwenye kona. Jicho lako halioni hiyo, linaona tu pazia ya kijivu, lakini namba zinaona. Chukua O, kwenye maelezo yake tia alama Sample average na uweke radius ya 10 hivi ili usipime chembe moja moja, halafu chagua usomaji wa 0 mpaka 255.

Kwenye foto yetu, pembeni ya kichwa cha mama ni 150. Katikati ya pazia kuelekea kona, 128. Karibu na mpasuko, 104. Sasa nenda kona ya pili, ya juu kushoto, ile iko nzima: 88. Kwa hiyo kona iliyopotea haikuwa 128 wala 104, ilikuwa inashuka kuelekea 88 hivi. Mwenye kuklona kutoka katikati ya pazia anaweka kitu cha 128 fasi inayotaka 90, na hata akilainisha mipaka namna gani, kitaonekana tu, na kwenye karatasi kinaonekana zaidi.

Kuna njia mbili na mimi nachagua kufuatana na pazia. Kama pazia ni tupu, haina mchoro, ninaanza na mwanga wenyewe: kalke mpya chini ya ile ya skani, rangi ya kwanza 104, ya pili 88, G, acha Dithering ikiwa na alama, vuta kutoka kwenye mpasuko mpaka ncha ya kona. Inatoka laini mno kama rangi ya gari, usijali, hiyo ni shida ya chembe na iko na zamu yake. Kama unaona ngazi ngazi za kijivu, Dithering haikuwa na alama, na chembe zikija zitazifunika pia.

Kama pazia iko na mawingu, kama hii yetu, naazima kona ya pili. Zungusha kona nzima ya juu kushoto, nakili, ibandike kama kalke mpya, Layer > Transform > Flip Horizontally, isogeze mpaka kuume, chini ya kalke ya skani. Mwanga wake tayari unashuka upande unaotakiwa. Kisha pima na O pande mbili za mpasuko. Sisi tulipata 104 kwenye skani na 97 kwenye kona ya kuazima, basi Colors > Levels, mshale wa katikati unausogeza kidogo kidogo kwenda kushoto mpaka namba zikutane. Pima fasi tatu, juu, katikati, chini ya mpasuko, kwa sababu taa ilikuwa upande mmoja na tofauti haitakuwa sawa kila fasi. Ikiwa juu inakubali na chini inakataa, usipigane na Levels, rekebisha chini kwa burashi laini kubwa, Opacity 10, rangi ya jirani.

Tatizo la kona ya kuazima ni kwamba sasa uko na mawingu mapacha, kushoto na kuume yanatazamana. Vunja moja: chukua C, chanzo fasi ingine ya mawingu yenye mwanga sawa, pitisha juu ya lile wingu linalojulikana sana. Fasi yenye mwanga sawa maana yake fasi iliyo mbali na katikati kwa kiasi kilekile, si fasi ya karibu. Watu wanaklona kutoka jirani wakifikiri jirani njo anafanana, kwenye kona jirani wa ndani kila mara ni mwepesi zaidi.

Mwanga uko sawa, lakini kona inang'aa kama plastiki

Zumu 200%, weka nusu ya ekra kwenye foto ya kweli na nusu kwenye kiraka. Foto ya kweli iko na chembechembe, kiraka hakina, ama kiko nazo lakini zimefifia. Kama ulipaka na gradienti sababu inajulikana. Lakini hata aliyeklona tu anazipoteza, na hapa wengi hawaelewi kwa nini.

Burashi laini kwenye pembe zake inachanganya chembe za zamani na chembe mpya, nusu kwa nusu. Chembe moja ikiwa nyeusi na inayoanguka juu yake ikiwa nyeupe, zinakutana katikati, kijivu. Ukichanganya nusu kwa nusu nguvu ya chembe inashuka mpaka kama 70%, ukipitisha tena inashuka tena. Njo maana aliyepaka sana kona yake iko laini kuliko aliyepaka mara moja, na njo maana Opacity ya 50 kwenye klone ni sumu. Weka Opacity 100, Hardness kama 75 hadi 80, piga mara moja na utoke. Mpaka utaonekana kidogo, huo utauponya mwisho.

Kwa fasi iliyopakwa chembe unazitengeneza. Kalke ya kiraka ikiwa imechaguliwa, Filters > Noise > RGB Noise, anza na namba ya chini kama 0.08, na kama foto yako haiko Grayscale toa alama kwenye Independent RGB la sivyo utapata chembe za rangi, nyekundu na kijani, kwenye foto ya njano. Halafu Filters > Blur > Gaussian Blur, kati ya 0.7 na 1. Hii ya pili watu wanaisahau. Kelele ya ordi ni ya pikseli moja moja, kali, lakini kwa 600 dpi chembe ya foto inachukua pikseli kadhaa, imeviringika. Blur inaipa ukubwa, na inaidhoofisha pia, kwa hiyo rudi nyuma na Ctrl+Z uongeze namba ya kelele mpaka kwa 200% haujui mpaka uko wapi. Kama foto imepigwa kwenye karatasi yenye ngozi kama sega la asali, ile ya vishimo vishimo, kelele haitakusaidia, vile vishimo vinapangika, hapo ni kuklona tu kutoka kona ya pili na kufuata mpango wake.

Sakafu inapanda ngazi, nguzo inavunjika

Sasa kona ya chini kushoto. Mwanga pale si kazi kubwa, kazi ni ule mstari wa sakafu na pazia unaotoka nyuma ya viatu vya mtoto na kwenda mpaka pembeni ya foto. Umeklona na sakafu imeshuka pikseli tatu, kila mtu anaiona bila kujua anaona nini.

Klone inasogeza tu, haizungushi wala haikuzi. Mstari wa kunyooka ukiusogeza juu yake wenyewe unabaki mstari uleule, basi fanya hivyo: zumu 400%, Ctrl na klike katikati kabisa ya mstari kwenye sehemu nzima, halafu klike ya kwanza ya kupaka iwe katikati kabisa ya pale mstari ungepita. Ungepita wapi? Usikisie. Chukua B, ile ya kuvuta mistari kwa nukta, weka nukta mbili kwenye mstari mzima, mbali mbali, ongeza ya tatu ndani ya shimo, isogeze mpaka zote tatu zinyooke. Huo njo mstari wako wa kufuata. Na kwa sababu Aligned iko, unaweza kuachilia maus na kuanza tena, umbali haubadiliki, mstari unaendelea. Bila Aligned kila klike inaanza upya kutoka chanzo na unapata zile ngazi.

Nguzo ya juu kuume ni hivyohivyo, pembe yake ni wima, chanzo chini, unapanda. Mwanga wake utakuwa mwepesi kidogo juu umetoka chini, tia kwenye kalke yake na uizime na Levels. Lakini kama sakafu ni ya vigae vya mraba, vile vyeusi na vyeupe, ujue vinakua vikija mbele. Ukiklona vya nyuma kuweka mbele vitakuwa vidogo, na kusogeza hakutasaidia kitu. Nakili safu moja, ikuze na Shift+S mpaka ikutane na mistari miwili uliyovuta na B, halafu ndio upake pembeni.

Doa jeusi linaingia kwenye pazia karibu na nguo

Sasa mwisho kabisa njo H inaingia, kwenye mipaka tu, burashi ndogo, kwenye kalke yake yenyewe uliyotoa na Layer > New from Visible. Shimo limeshajaa, mwanga unalingana, haina tena cheupe cha kuiba. Lakini ukikaribia gauni nyeusi ya mama ama bega la mtoto itavuta weusi kwenye pazia. Ukibaki pikseli chache kutoka pembe ya nguo, acha H, rudi kwenye C na burashi ngumu.

Kwenye ekra iko sawa, kwenye karatasi siyo

Ekra zetu nyingi zina mwanga mwingi, kona ya 88 zinaificha. Layer > New from Visible, juu ya hiyo Colors > Levels, peleka mshale wa katikati mpaka 0.4, angalia kona, halafu 2.0, angalia tena. Mshono uliokuwa umejificha utatoka. Angalia pia kwa 25%, na picha ikiwa imegeuzwa, doa linalorudi mara tatu linaonekana hapo haraka kuliko kwa zumu kubwa. Futa ile kalke. Kisha usitoe foto nzima: kata kona peke yake, itoe ndogo kwenye labo ileile na karatasi ileile. Labo zingine zinaongeza kontrasti bila kukuambia, uliza wazime.

Ile kona ya chini ilikuwa imekula pia ncha ya kiatu cha mtoto. Ncha tu, na kiatu cha pili kiko, basi nilikiazima, nikakizima mwanga kidogo, na nikamwambia mwenye foto. Ingekuwa mkono, ama uso wa mtu aliyesimama pembeni, nisingechora. Kwa foto kama hiyo nakata tu: mpaka unaingia ndani kidogo, kadre inafunika, na wale waliobaki wanabaki vile walivyokuwa. Mihuri ya studio na maandiko ya mkono kwenye kona, hayo pia siandiki upya hata familia ikiyakumbuka, wanaweza kuyaandika nyuma kwa kalamu.

Kila kalke ipe jina, hifadhi XCF, faili ya GIMP yenye kubeba kalke zote, kila mara, kuraa hapa haipigi hodi kabla ya kuondoka, na ile TIFF ya skani iache bila kuguswa kwenye faili yake.